Filamu Moja, Miisho Miwili

Katika dakika za mwisho za Kiki's Delivery Service, filamu ya katuni ya Kijapani, paka mweusi aitwaye Jiji anamparamia Kiki begani katikati ya umati unaoshangilia. Mtazamaji anayeiangalia kwa Kijapani, huku akisoma maandishi chini ya kioo, anamsikia paka huyo akilia nyau, basi. Anayeangalia toleo la Kiingereza ambalo Disney ililitoa mwaka 1998 anamsikia paka yuleyule akizungumza, akimuuliza Kiki kama anamsikia. Picha hazikuguswa. Lakini watazamaji hao wawili wakikutana kesho yake na kuanza kuisimulia filamu, hawatakubaliana iliishaje.

Na ubishi wao si wa jambo dogo. Filamu hii iliongozwa na Hayao Miyazaki wa studio ya Ghibli mwaka 1989. Inamhusu binti mchawi wa miaka 13 ambaye, kwa desturi ya kwao, lazima aondoke nyumbani akajitegemee katika mji wa ugenini. Kiki anaenda na paka wake, ambaye yeye peke yake ndiye anayemwelewa, anapewa chumba na mama mwenye duka la mikate, na anaanza kazi ya kupeleka mizigo akiruka kwa ufagio. Katikati ya hadithi anavunjika moyo. Uwezo wake wa kuruka unapotea, na siku hiyohiyo anagundua kwamba hamwelewi tena Jiji. Anachosikia ni mlio wa paka wa kawaida. Mwishoni anaruka tena ili kumwokoa rafiki yake, ila maneno ya paka hayarudi. Watazamaji wengi wa toleo la Kijapani huielewa hivi: binti amekua, na sehemu ya utoto wake imebaki nyuma. Katika toleo la 1998 kila kilichopotea kimerudi, na hadithi inakuwa ya msichana aliyeugua kidogo akapona.

Sentensi moja fupi imegeuza maana ya filamu nzima. Mambo mengine nayo yaliguswa. Katika filamu ya awali mama wa duka la mikate anamkaribisha Kiki kahawa. Kwa Kiingereza kinywaji hicho kikawa chokoleti ya moto, pengine ili watoto wa Marekani wasione mwenzao akinywa kahawa. Wimbo wa ufunguzi ulibadilishwa. Na Jiji, ambaye kwa Kijapani ana sauti nyembamba ya kitoto iliyotiwa na mwigizaji wa kike, Rei Sakuma, alipewa sauti nzito ya mchekeshaji Phil Hartman, akawa mjuaji mwenye kejeli. Hartman aliongeza vichekesho pale ambapo Miyazaki alikuwa ameacha kimya, na muziki nao ukaongezwa katika nafasi ambazo zilikuwa tupu. Disney ilipotoa toleo jipya mwaka 2010, mengi ya maneno hayo yaliondolewa, pamoja na lile swali la mwisho. Kwa hiyo hata kusema “niliiona kwa Kiingereza” hakutoshi. Inabidi kujua ni Kiingereza cha mwaka gani.

Iliwezekanaje kuongeza maneno bila kugusa picha? Ufundi wa kuingiza sauti una mlango mmoja mpana: mahali popote ambapo mdomo wa mhusika hauonekani. Mtu akigeuza kisogo, akiwa mbali, akiwa nje ya picha, au akiwa paka ambaye mdomo wake haufuati silabi, mwandishi wa toleo jipya anaweza kumwekea maneno yoyote. Sauti ya awali ya mazungumzo imeshaondolewa, hivyo hakuna kitakachomsuta. Maandishi ya chini, ambayo wengine huyaita manukuu, hayana uhuru huo. Yanasimama kando ya sauti halisi, na mtazamaji anasikia wazi wakati hakuna anayesema. Neno likitokea chini ya kioo juu ya kimya, hata asiyejua Kijapani anashtuka.

Nguvu hii ya kufuta sauti ya kwanza iliwahi kutumiwa na serikali. Nchini Hispania, chini ya utawala wa Franco, amri ya mwaka 1941 ililazimisha filamu zote za kigeni zioneshwe kwa Kihispania cha kuingizwa. Sharti hilo halikudumu miaka mingi, lakini mazoea yalibaki na jicho la wakaguzi likabaki. Mwaka 1953 ikatoka filamu ya Kimarekani Mogambo, iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda, ikiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Humo mwindaji, aliyeigizwa na Gable, anaingia katika mapenzi na mke wa mtu. Wakaguzi wa Hispania hawakutaka watu waone uzinzi, basi katika maneno yaliyoingizwa wakawageuza mke na mume kuwa dada na kaka. Uzinzi ukafutika. Ila picha ziliendelea kusema yake: watazamaji wakaona dada na kaka wanaoishi na kutazamana kama wanandoa, jambo zito kuliko lile lililofichwa. Kwa maandishi ya chini hila hiyo ingekuwa ngumu, maana katika kila ukumbi angekuwemo mtu mmoja au wawili wanaojua Kiingereza, na minong'ono ingeanza.

Hapo maandishi yanaonekana kama shahidi mwaminifu, na kwa kiasi kikubwa ni hivyo. Lakini nayo hukata, na hukata zaidi ya wengi wanavyodhani.

Anayeandika manukuu anabanwa na saa. Kwa kawaida anaruhusiwa mistari miwili tu, na kampuni kama Netflix huweka ukomo wa herufi 42 kwa mstari katika lugha zinazotumia alfabeti yetu. Andiko moja halikai kiooni zaidi ya sekunde 7. Kasi ya kusoma nayo ina kipimo. Kinachotumika sana ni herufi 17 hivi kwa sekunde, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa pia. Tuseme mhusika anayesema harakaharaka anamaliza kwa sekunde mbili jambo ambalo kwa Kiswahili kamili ni hili: “Nilikwambia usiondoke mpaka mama yako atakaporudi kutoka sokoni.” Hizo ni herufi 64, na kuzisoma kunahitaji karibu sekunde nne. Mwandishi ana nafasi ya herufi 34. Atafanya nini? Ataandika: “Nilisema umsubiri mama yako.” Zimekuwa 28, zinasomeka. Soko limetoweka, na katazo la kuondoka limelainika likawa agizo la kusubiri. Ikiwa dakika kumi baadaye hadithi itamrudisha mtazamaji sokoni, aliyesoma atajiuliza soko limetoka wapi.

Kiswahili kina ugumu wake hapa. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, hivyo maneno ni machache lakini marefu, na neno refu halikatiki vizuri mwishoni mwa mstari. Mwandishi hodari huanza na kuondoa kile ambacho picha inakionesha yenyewe. Mtu akiwa ameshika kisu mkononi, hakuna haja ya kuandika neno kisu. Asiye hodari hukata kutoka mwisho wa sentensi, na mara nyingi mwisho ndiko kulikokuwa na kiini.

Kuna gharama nyingine, nayo ni ya macho. Mwanasaikolojia Géry d'Ydewalle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji walipima mwendo wa macho ya watazamaji na kuona kwamba andiko linapotokea, macho hulishukia yenyewe, hata kama mtu anaielewa vizuri lugha inayozungumzwa. Si suala la kuamua. Kwa hiyo kila andiko jipya humwondoa mtazamaji usoni kwa mwigizaji kwa muda kidogo. Katika filamu ya watu wawili wanaozungumza taratibu hasara ni ndogo, kwa sababu macho yana muda wa kupanda tena. Katika kichekesho ambacho utani uko kwenye jicho lililokonyezwa, au katika mapigano yenye kelele za kupokezana, kinachokosekana ni kingi. Tena andiko likiingia mapema kuliko sauti, mtazamaji anacheka kabla mwigizaji hajamaliza kusema, na wale wanaosikiliza pembeni yake wanaharibiwa utamu.

Sasa upande wa pili wa mizani: kazi ya kuingiza sauti ikifanywa kwa uaminifu kabisa, bila Disney wala wakaguzi, bado inabadilisha nini?

Mwandishi wa sauti habanwi na herufi. Anabanwa na midomo. Herufi m, b na p haziwezi kutamkwa bila kufunga midomo, na uso unapojaa kiooni mtazamaji anaiona midomo ikifunga. Mtu anayepiga kelele “Help!” kwa Kiingereza anatumia silabi moja na kumalizia kwa midomo iliyofungwa. Kiswahili chake, “Nisaidieni!”, kina silabi sita, hakifungi midomo popote, na kinamalizikia kwenye irabu. Mwandishi atalazimika kutafuta neno jingine, au kusubiri picha inayomwonesha mhusika kwa mbali. Ndiyo maana katika filamu za watu halisi maneno ya kuingizwa huwa na ukakasi fulani: yalichaguliwa kwa umbo la mdomo kwanza, kisha maana. Katika katuni tatizo hili ni dogo sana. Midomo ya wahusika wa Kijapani hufunguka na kufunga kwa michoro michache, na huko Japani kwenyewe ni kawaida sauti kurekodiwa baada ya michoro. Hakuna mwili halisi uliotenganishwa na sauti yake. Kwa sababu hiyo katuni iliyoingizwa sauti vizuri haipotezi kitu kikubwa cha uigizaji, ilhali filamu ya mwigizaji mkubwa hupoteza nusu ya kazi yake, yaani pumzi zake, kigugumizi chake, namna sauti inavyopasuka anapozuia kilio.

Sauti mbovu haijifichi. Mtu yuko uwanjani kwenye upepo lakini anasikika kama yuko ndani ya kabati. Wahusika hawahemi wala hawakohoi, wanatamka tu. Mzee na kijana wana koo moja. Chanzo huwa nyuma ya pazia: studio nzuri hupewa mkondo wa sauti wenye muziki na milio ya mazingira bila mazungumzo, ikapandisha juu yake sauti mpya. Ikikosa mkondo huo inashusha sauti yote ya awali na kusema juu yake, na hapo mvua, magari na ngoma za filamu huzama kila mtu anapofungua kinywa.

Afrika Mashariki iliufanya upungufu huohuo kuwa sanaa. Katika vibanda umiza na mitaani kwenye maduka ya kanda, Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana kama Lufufu, aliwasimulia Watanzania filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani kwa sauti yake moja. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina kundi zima la wasimulizi. Msimulizi wa aina hii haigi midomo. Anatafsiri, anafafanua desturi za kigeni, anamwonya shujaa, anampa adui jina la mtaani. Ni haki kumhesabu kama msanii wa tatu baada ya mwongozaji na mwigizaji, na anayemsikiliza anapaswa kujua kwamba anapata filamu mbili kwa mpigo. Mwenye hamu ya kuiona ile ya kwanza peke yake atafute nakala nyingine.

Sauti za Kiswahili zilizogawiwa wahusika mmojammoja zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kuonesha tamthilia ya Kichina juu ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa Kiswahili, na mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha nchini humo mashindano ya kutafuta sauti, washindi wakaenda kufanya kazi hiyo Beijing. Faida ya tamthilia kama ile ilionekana sebuleni. Bibi asiyesoma haraka, mtoto wa darasa la kwanza na mama anayechambua mchele walifuata ugomvi wa wakwe kwa pamoja, bila mmoja kumsomea mwingine.

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinaliweza na Kiingereza hakiliwezi, nalo ni heshima. Katika Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2021, yumo kibarua kutoka Pakistani aitwaye Ali. Anamwita Sang-woo, Mkorea aliyesoma, kwa neno la Kikorea ambalo kibarua humwitia bosi wake. Baadaye Sang-woo anamtaka aache hilo na amwite kaka mkubwa. Ali anakubali kwa furaha, na kuanzia hapo kila anapotamka neno hilo anaonesha jinsi alivyomwamini. Usaliti unapokuja katika mchezo wa gololi, unauma kwa sababu aliyesalitiwa anaendelea kuita kaka. Kiingereza hakina jozi ya maneno yanayofanya kazi hiyo kila siku. Kwa Kiswahili, “bosi” kugeuka “kaka” kunaeleweka na kila msikilizaji bila maelezo. Mtu akipata toleo la Kiswahili lililofanywa kwa uangalifu, huenda akawa karibu zaidi na Kikorea kuliko anayesoma Kiingereza chini ya sauti ya asili. Hoja kwamba maandishi daima ni karibu na asili ina ukweli pale tu ambapo maandishi yenyewe yako katika lugha inayoweza kubeba kilichosemwa.

Tamthilia hiyohiyo ilifichua mtego wa kiufundi. Ilipotoka, wazungumzaji wa Kikorea walilalamika kwamba maandishi ya Kiingereza yalipotosha. Sehemu ya malalamiko ilitokana na kuwapo kwa maandishi ya aina mbili kwenye orodha ya Netflix. Yaliyoandikwa `English` yalitafsiriwa kutoka Kikorea. Yaliyoandikwa `English [CC]`, yaliyokusudiwa hasa kwa watu wasiosikia, yalifuata maneno ya sauti za Kiingereza zilizoingizwa, ambazo tayari zilikuwa zimepindishwa ili zilingane na midomo. Mtu aliyesikiliza Kikorea huku akisoma haya ya pili alidhani anapata asili, kumbe anasoma toleo la sauti za kuingizwa. Mwanamke anayesema kwamba ana akili nyingi ila hakupata nafasi ya kusoma, katika maandishi hayo alionekana akisema kwamba si mwerevu hivyo lakini anajua kujitafutia. Uchungu wa kukosa shule, ambao ndio kiini cha mhusika huyo, ukafutika.

Kuutambua mtego huo si kazi ngumu. Maandishi yakitokea wakati hakuna anayezungumza, au mhusika akisema maneno mawili na chini zikatokea sentensi mbili, maandishi hayo yamenakiliwa kutoka toleo la sauti. Dalili nyingine ni maelezo ya milio kwenye mabano, kama mlango kugongwa au mtu kuhema. Dawa ni kurudi kwenye orodha na kuchagua jina la lugha bila `[CC]`.

Wanaopakua maandishi mtandaoni hukutana na ugonjwa mwingine. Andiko likichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, programu ya VLC hulisogeza kwa vitufe `g` na `h`, kidogokidogo kila unapobonyeza. Lakini ucheleweshaji ukiongezeka kadiri filamu inavyosonga, kitufe hakisaidii. Faili hilo lilitengenezwa kwa nakala yenye mwendo tofauti, kwa mfano picha 24 kasoro kidogo kwa sekunde badala ya 25, na baada ya saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Ni bora kutafuta faili jingine kuliko kuvumilia.

Kwa mtu mzima anayeangalia peke yake filamu ya waigizaji halisi, hasa ile inayotegemea nyuso na sauti zao, maandishi ndiyo chaguo la kwanza, kwenye kioo kikubwa cha kutosha kusomeka bila kukunja uso. Kwenye simu ndogo ndani ya daladala hesabu inabadilika, maana macho yatakwama chini muda wote. Watoto ambao bado hawasomi kwa kasi wanastahili sauti, na katuni inawatosha bila hasara kubwa, mradi mzazi amechungulia ni toleo la mwaka gani. Sebule yenye watu wa rika tofauti, wengine wakipika na wengine wakiingia na kutoka, ni mahali pa sauti. Anayejifunza lugha naye afanye kinyume cha wote: sauti ya asili na maandishi ya lugha ileile ya asili, ili sikio na jicho visome neno moja kwa wakati mmoja.

Anayesitasita aangalie tukio moja la dakika tatu mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti za kuingizwa na mara ya pili kwa maandishi. Achague tukio la wahusika wawili wanaogombana, kwa sababu hapo ndipo sauti mbovu hujidhihirisha na ndipo maandishi hukatwa zaidi. Akiona katika toleo la kwanza kwamba nyuso zina hasira lakini sauti hazina, ajibu lake amelipata. Akiona katika toleo la pili kwamba amesoma ugomvi wote bila kuona nani alirudi nyuma hatua moja, basi kwa filamu hiyo sauti zitamfaa zaidi.